Nilichagua eksesi ya 20,000, mbona gareji yataka 52,500?

Assalaam alaikum Ami,

Mimi ni kijana wa miaka 22, nakaa Kisauni na nafanya kazi Nyali. Leseni yangu ina miezi 10. Mjomba alinisaidia kununua Demio, na bima nikakata kwa jina langu, komprehensivu. Siku ya kukata, ajenti aliniuliza nataka eksesi ya kiasi gani. Akasema nikiweka 20,000 bei itashuka, nikaweka.

Wiki mbili zilizopita, usiku wa mvua, tuktuk ilinikatia njia karibu na Kongowea. Nikaikwepa nikapanda kizuizi cha saruji. Sikuumia, alhamdulillahi, lakini bampa, fenda, taa na redieta vimekwenda. Tuktuk yenyewe haikusimama na namba sikuiona. Asesa amepitisha matengenezo ya 71,000. Nikajiambia nitatoa 20,000 yangu na kampuni itamaliza iliyobaki. Sasa gareji wanasema gari halitoki mpaka niweke 52,500.

Ajenti simu hashiki. Mjomba anasema ningekata bima kwa jina lake haya yasingenipata. Bima inaisha baada ya miezi miwili. Je, nimeibiwa? Na nikikata tena, eksesi niweke ngapi? Nimekutumia picha za karatasi zote za bima.

Kijana wa Kisauni

*

Wa alaikum salaam, mwanangu. Pole sana, na shukuru kwamba saruji ndiyo iliyogongwa, si mtu.

Hukuibiwa. Hesabu ya 52,500 inatoka sawasawa na karatasi ulizonitumia. Kosa ni kwamba hakuna mtu aliyekukalisha chini akakufanyia hesabu hiyo kabla hujalipa. Nilikaa meza ya madai miaka 19, na swali lako nililisikia kwa midomo mingi, tena aghlabu ya vijana, kwa sababu kijana ndiye mwenye eksesi tatu ilhali yeye anaijua moja.

Tuanze na neno lenyewe. Wako wanaoandika “ziada” wakitafsiri eksesi, na neno hilo limewapoteza watu wengi. Eksesi si ziada ya kitu chochote unachopewa. Ni fungu la kwanza la hasara ambalo unalibeba wewe mwenyewe kabla kampuni haijatia mkono mfukoni. Hasara ikiwa ndogo kuliko fungu lako, kampuni haitoi kitu. Ikiwa kubwa, kampuni inalipa kile kilichopita fungu hilo.

Sasa fungua karatasi ya pili, ile yenye jedwali. Utaona mstari unaosema eksesi ya uharibifu wa gari lako ni asilimia 2.5 ya thamani ya gari, isipungue 15,000. Gari lako limekatiwa bima kwa thamani ya 900,000. Asilimia 2.5 ya hapo ni 22,500. Hii ndiyo eksesi ya msingi. Kila mwenye mkataba kama wako anayo, awe kijana wa miaka 22 au mzee aliyeendesha lori la Changamwe miaka 30. Zingatia kwamba asilimia hiyo inakatwa kwenye thamani ya gari, si kwenye gharama ya matengenezo. Ingekatwa kwenye matengenezo, 2.5 ya 71,000 ingekuwa 1,775, na kwa kuwa hiyo ni chini ya 15,000 ungetozwa 15,000. Kuna mikataba inayohesabu hivyo, na tofauti yake kwako ingekuwa 7,500. Wako unasema “ya thamani”, basi 22,500 ndiyo yako.

Halafu geuza mpaka karatasi ya nne, kwenye masharti ya nyongeza. Pale chini, kwa herufi zilizonilazimu kuvaa miwani, pameandikwa kwamba gari likiwa linaendeshwa na mtu wa chini ya miaka 25, au mwenye leseni ya chini ya miaka 2, inaongezwa 10,000 juu ya eksesi nyingine yoyote. Hiyo ndiyo eksesi ya dereva kijana au asiye na uzoefu. Hukuulizwa kama unaitaka, wala huwezi kuikataa ukabaki na mkataba ule ule. Ndiyo maana inaitwa ya lazima.

Hapa nitoke kidogo kwenye hesabu, maana hilo neno “lazima” huwachanganya watu. Wengi wanadhani ni lazima ya serikali. Sivyo. Sheria ya Kenya, ile Sura ya 405, inakulazimisha kuwa na bima ya thadi pati tu, ili ukimuumiza mtu barabarani apate fidia. Haisemi kitu juu ya eksesi ya gari lako mwenyewe. Lazima hii ni ya kampuni, ni sharti waliloliweka wenyewe, na kila kampuni ina umri wake, miaka yake ya leseni na kiwango chake. Moja itasema chini ya miaka 21, nyingine 25. Moja itataka leseni ya mwaka 1, nyingine 2. Kwa hiyo hili ni jambo la kulinganisha unapotafuta bima, kama unavyolinganisha bei.

Eksesi ya tatu ndiyo unayoifahamu, ile ya hiari. Ulimwambia ajenti utabeba 20,000 zaidi, naye akakupunguzia ada. Tatizo lako lote limelala kwenye neno “zaidi”. Ulidhani unachagua eksesi yako ni ngapi. Kumbe ulikuwa unachagua uongeze ngapi juu ya zile ambazo tayari umewekewa. Eksesi ya hiari haiondoi ya lazima wala haikai mahali pake. Inapanda juu yake, kama mtu anayepakia gunia la tatu kwenye mkokoteni wenye magunia mawili.

Basi hesabu ni hii: 22,500 ya msingi, 10,000 ya ujana, 20,000 uliyoichagua mwenyewe. Jumla 52,500. Kwenye matengenezo ya 71,000, kampuni inalipa 18,500 peke yake. Karibu robo tatu ya hasara ni yako. Najua inauma. Lakini jedwali ni hilo, na umetia sahihi.

Nimeangalia pia ulichookoa. Ada yako ilikuwa asilimia 5 ya thamani, yaani 45,000. Kwa ile hiari ya 20,000 ulipunguziwa asilimia 10, ukalipa 40,500, mbali na tozo ndogo ndogo. Uliokoa 4,500. Kwa hiyo mwaka huu uliuza shilingi 20,000 kwa 4,500, ukiombea usigonge. Biashara hiyo inalipa kwa mtu anayekaa zaidi ya miaka minne na nusu bila dai. Wako madereva wanaokaa miaka 10. Lakini dereva wa miezi 10, anayevuka Kongowea usiku, na matuktuk yenyewe ndiyo haya tunayoyajua? Mimi nisingemshauri.

Na kuna jambo ambalo ajenti angetakiwa kukuonyesha kwa kalamu. Punguzo la hiari linavutia zaidi kwa mtu ambaye lazima yake ni ndogo. Tuseme mjomba wako, mwenye leseni ya miaka mingi, angekuwa na mkataba huu huu. Yeye angeanza na 22,500, akiongeza hiari anafika 42,500. Wewe unaanzia 32,500 kabla hujachagua chochote. Hiari ile ile inakupeleka mahali ambapo dai la kawaida la mjini, bampa na fenda na taa, halina faida tena. Bila ile hiari, kwenye ajali yako kampuni ingelipa 38,500 badala ya 18,500. Na ingekuwa ajali ndogo ya 40,000, bila hiari ungepata 7,500 ya kampuni. Ukiwa nayo hupati hata senti. Ina maana kwa ajali yoyote ya chini ya 52,500 uliyoifanya ukiwa kwenye usukani, gari lako mwenyewe kwa kweli halina bima. Lina thadi pati tu, na umeilipia bei ya komprehensivu.

Wizi nao una hesabu yake. Jedwali lako linaweka eksesi ya wizi kuwa asilimia 10 ya thamani, kwa kuwa gari lina kifaa cha kuzuia wizi. Hiyo ni 90,000. Ile ya ujana haiingii hapo, kwa sababu gari likiibwa limeegeshwa hakuna dereva kijana wa kuhesabiwa. Lakini hiari yako imeandikwa “kwa kila dai la uharibifu au wizi”, kwa hiyo ungebeba 110,000. Sidhani ulikuwa na hilo akilini ulipookoa zile 4,500.

Tuje kwa mjomba. Mfikishie salamu zangu na umwambie, kwa heshima, kwamba hapo amekosea. Eksesi ya kijana haifuati jina lililo kwenye bima. Inamfuata aliyeshika usukani wakati wa ajali. Bima ingekuwa ya mjomba na wewe ndiye uliyegonga, kampuni ingeitazama leseni yako na tarehe yako ya kuzaliwa, ikaongeza 10,000 vile vile. Na mambo yakigeuka, mjomba akigonga kwa gari lako lenye bima ya jina lako, ile 10,000 haipo. Atabeba 22,500 na ile hiari yako ya 20,000, jumla 42,500, kwa sababu hiari iko kwenye mkataba na inamfuata yeyote anayeendesha. Ukikumbuka tofauti hiyo moja, kwamba ya ujana iko kwa dereva na ya hiari iko kwa mkataba, karatasi zote za bima utazisoma kwa urahisi.

Tena neno “kijana” lisikudanganye. Sharti lako linasema chini ya miaka 25 *au* leseni chini ya miaka 2. Mama yako akiwa na miaka 50 na leseni aliyoipata mwaka jana, naye kwa kampuni yuko kwenye fungu hilo, na akigonga ataongezewa 10,000. Na wewe usingoje leseni yako itimize miaka 2 ukidhani umetoka. Kwa kuwa ni “au”, kimoja kikibaki kinatosha kukufunga, na umri utakufunga mpaka siku unayotimiza 25. Kinachotazamwa ni siku ya ajali, si siku uliyokata bima. Ukitimiza 25 Jumanne ukagonga Jumatano, na leseni imevuka miaka 2, eksesi hiyo imekwisha ingawa bima ni ile ile. Na miaka ya leseni inahesabiwa tangu leseni kamili. Ile miezi ya kujifunza, na mwalimu pembeni na herufi L nyuma ya gari, haimo.

Kuna jambo linalofuata hapo ambalo hukuliuliza, lakini nitalitaja kwa sababu nimeliona likiharibu nyumba. Mtu akisikia kwamba eksesi inamfuata dereva, shetani humnong'oneza aseme mjomba ndiye aliyekuwa akiendesha. Kwa kuokoa 10,000! Abstrakti ya polisi ina jina la dereva. Fomu ya dai ina jina la dereva, na sahihi yake. Kampuni ikituma mpelelezi akaenda kuulizia pale Kongowea, wauza ndizi watamwambia walimwona kijana. Hapo dai lote linakataliwa, si ile 10,000 tu, na mjomba anabaki na kesi ya udanganyifu. Wewe umeandika ukweli, nimeona kwenye fomu, na umefanya vyema.

Sasa gari lililoko gareji. Kwanza thibitisha kwamba 71,000 ndiyo iliyopitishwa na asesa kwa maandishi, si bei ya gareji. Mara nyingine gareji hutaja bei yake, asesa akaipunguza, na mteja akaendelea kuhesabia ile ya kwanza. Kwako haibadilishi 52,500, kwa sababu eksesi yako haitegemei bei ya matengenezo. Lakini inabadilisha kile ambacho kampuni inalipa, na ndicho kinachokuambia kama dai hili lina maana. Asesa akishusha mpaka 55,000, kwa mfano, kampuni itatoa 2,500 tu, na hapo ni afadhali uliondoe dai ulipe mwenyewe, rekodi yako ibaki bila dai lililolipwa wakati wa kukata upya.

Kwa 71,000 iliyopitishwa, mimi ningeuliza jambo moja kabla ya kutafuta 52,500 ya kuweka mezani. Andikia kampuni uulize kama wako tayari kukulipa 18,500 taslimu badala ya matengenezo, gari ukalitengeneze mwenyewe. Si haki yako kudai hivyo. Mkataba wako unawaachia wao uchaguzi kati ya kutengeneza na kulipa. Lakini kwa madai madogo kampuni nyingi hukubali, kwa sababu inawapunguzia kazi. Ukipata fundi wa kuaminika anayefanya kazi hiyo kwa 50,000, na vipuri ukavitafuta mwenyewe, utatoa 31,500 ya mfukoni badala ya 52,500. Tahadhari mbili. Utatia sahihi hati ya kumaliza dai, na baada ya hapo ukigundua mkono wa sespenshi nao umepinda, hurudi tena kwao. Kwa hiyo gari lipandishwe juu likaguliwe chini kabla ya kusaini, hasa kwa kuwa umepanda saruji, ambayo hupiga chini kuliko mbele. Na uliza kama gareji lao litakudai ada ya kuegesha kwa siku gari lilizokaa. Isije ikala kile ulichookoa.

Wakikataa, basi 52,500 italipwa. Gareji nyingi hutaka yote siku ya kuchukua gari, kwa kuwa kampuni huwalipa wao kiasi kilichopungua eksesi. Zungumza na meneja wa gareji mwenyewe, si na yule wa mapokezi. Wako wanaokubali nusu kabla ya kuanza kazi na nusu gari likitoka. Omba risiti iliyoandikwa “eksesi” na namba ya dai.

Kuhusu tuktuk, laiti namba ungeiona. Ukigongwa au ukasababishiwa ajali na mtu anayejulikana, eksesi yako unaweza kuidai kwake au kwa bima yake, yote, ya msingi na ya ujana na ya hiari, kwa sababu zote ni hasara aliyokutia. Kampuni yako ikifuata fedha zake kwa mkosaji haifuati zako, isipokuwa uiombe. Na akikataa, kuna Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1. Kwako hakuna wa kumdai, ila siku nyingine kabla ya kutazama bampa, tazama namba.

Sasa bima mpya, baada ya miezi miwili. Usiulize “niweke eksesi ngapi.” Kaa chini ujiulize: kesho nikigonga, ni kiasi gani naweza kukitoa bila kukopa kwa mtu? Tuseme jibu ni 35,000. Toa 22,500 na 10,000 ambazo huna hiari nazo. Umebakiwa na 2,500. Hiyo 2,500 ndiyo nafasi yote uliyo nayo ya hiari, ambayo kwa kweli ni sawa na hakuna. Ukiwa na 60,000 benki ambazo huzigusi, hesabu inabadilika, na hapo kuchukua hiari si upumbavu. Mtu huyo anajibebea hatari ndogo kwa sababu anaiweza. Wewe unaniambia unatafuta 52,500 ya kukomboa gari, kwa hiyo nimeshajua jibu lako.

Nimeona pia kwenye orodha ya nyongeza zinazouzwa na kampuni yako kuna ile ya kulinda eksesi, kwa 5,000 kwa mwaka. Hukuichukua. Tazama ilivyo: uliuza 20,000 kwa 4,500, na pale pale, mstari wa chini, ungeweza kwa 5,000 kununua kinga ya kufuta 22,500. Bila hiari na ukiwa na kinga hiyo, mwaka huu ungelipa 50,000 badala ya 40,500, na kwenye ajali hii gareji ingekutaka 10,000 tu. Yaani 9,500 zaidi mwanzoni, na 42,500 pungufu leo.

Kwa nini 10,000 na si sifuri? Kwa sababu kinga hiyo, kwa maneno ya karatasi yako, inafuta eksesi ya msingi ya uharibifu peke yake. Ya ujana haiguswi, ya hiari haiguswi, na ya wizi haiguswi. Hivi ndivyo zilivyo nyingi. Vijana huinunua wakidhani wamemaliza, kumbe lile fungu lililowekwa kwa ajili yao ndilo linalobaki. Zaidi ya hapo, yako inafanya kazi kwa dai moja tu ndani ya mwaka. Ukigonga mara ya pili, unarudi kwenye 32,500. Hata hivyo, kwa mtu wa hali yako, naiona ni fedha iliyotumika mahali pake kwa miaka hii miwili mitatu. Ukivuka 25 na rekodi yako ikiwa safi, utaiacha, na pengine ndipo utakapoifikiria hiari.

Tarajia pia kwamba ada yenyewe huenda ikapanda, kwa kuwa sasa una dai kwenye rekodi. Ndiyo maana nakuhimiza usingoje wiki ya mwisho. Chukua bei kwa kampuni tatu, mapema, na kila moja iulize kwa maandishi, kwa barua pepe au hata kwa WhatsApp, ili jibu libaki: “Mimi nina miaka 22, leseni yangu ni ya tarehe fulani, gari ni la 900,000. Nikigonga mimi mwenyewe, jumla ya eksesi zote ni shilingi ngapi? Akigonga mtu wa miaka 40 mwenye leseni ya miaka 10, ni ngapi?” Usikubali jibu la “asilimia 2.5”. Taka shilingi. Kwa mkataba ulio nao leo, jibu la kweli lingekuwa 52,500 na 42,500, na ajenti angeliandika hilo siku ile, nadhani usingechagua ulivyochagua.

Kama wakati wa kukata hukupewa karatasi ile ya nne, ukapewa jedwali peke yake, basi niandikie tena, maana hapo kuna hoja. Andikia kampuni barua ukieleza kwamba sharti la dereva kijana hukuonyeshwa, na wasipokupa jibu la kukuridhisha, peleka malalamiko kwa IRA, mamlaka ya serikali inayosimamia kampuni za bima. Lakini itatazamwa ulipewa nini na lini. Kwenye picha zako karatasi zote nne zina tarehe moja na sahihi yako kwenye ya mwisho, kwa hiyo nisikupe matumaini makubwa kwa ile 10,000. Anza na barua ya 18,500 taslimu. Iandike kesho asubuhi, kabla gareji hawajaanza kufungua bampa, kwa sababu kazi ikishaanza mlango huo umefungwa.